Kufuli limeshuka, mpira bado uko katikati: kutafuta chanzo cha kuchelewa kwenye kubeti laivu

Malalamiko haya huja kwa sura ileile. Mtu anaangalia mechi, simu iko mkononi, timu haijafanya lolote la maana, mara odi zote zinawekewa kufuli. Anainua macho kwenye runinga na kuona mpira uko miguuni mwa beki wa kati. Sekunde kumi na kitu baadaye, goli. Hapo maneno yanaanza: kampuni inajua matokeo, mechi imeuzwa, tunaibiwa. Mara nyingi hakuna kilichouzwa. Kampuni imepata habari ya goli wakati goli linafungwa, na wewe ulikuwa unaangalia mechi ya sekunde kumi zilizopita.

Hata hivyo si kila kufuli lina maana hiyo, na si kila mruko wa odi ni goli linalokuja. Mambo manne au matano tofauti hutoa dalili zinazofanana, na ukiyachanganya utalaumu bando kumbe tatizo ni king'amuzi, au utalaumu kampuni kumbe ni programu ya simu yako iliyoganda. Hebu tuyatenganishe, tukitumia Ligi Kuu ya England kama mfano, kwa sababu ndiyo inayojaza vibanda umiza na njia za taarifa zake zinajulikana.

Njia mbili kutoka uwanja mmoja

Kampuni ya kubeti haiangalii runinga kama wewe. Kwenye ligi kubwa kuna skauti aliyeketi jukwaani, mwenye kifaa cha kubonyeza matukio: mpira umetoka, kona, shambulizi, shambulizi la hatari, penati, goli. Mwaka 2019 Football DataCo, chombo kinachosimamia data za soka la England na Scotland, kiliipa Genius Sports haki ya kukusanya na kuuza data rasmi za kubeti za ligi hizo. Mashindano mengine yana Sportradar, Stats Perform na wenzao. Skauti anachotuma ni herufi chache tu, ujumbe mwepesi kuliko meseji ya kawaida, na ndani ya sekunde moja au mbili unakuwa umefika kwenye mashine inayopanga odi.

Picha inasafiri na mzigo. Inatoka kwenye kamera, inaingia kwenye gari la matangazo nje ya uwanja, inabanwa, inatumwa kwenye kituo, inafunguliwa, inawekewa watangazaji na ubao wa matokeo, inabanwa tena, inapelekwa kwa mrushaji wa nchi au kanda yako, inafanyiwa hayohayo mara nyingine, ndipo inarushwa. Watu wengi hulaumu setilaiti, na hapo hukosea. Setilaiti za runinga ziko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, na kwa mwendo wa mwanga hiyo ni robo ya sekunde. Sekunde nyingine zote zinaliwa na kubana na kufungua picha kwenye kila kituo, pamoja na king'amuzi chako kinachoweka akiba kidogo kabla ya kuonyesha. Kwa dishi, jumla huwa kati ya sekunde tano na kumi.

Dalili: kufuli kwanza, goli baadaye

Hii ndiyo ya kawaida, na chanzo chake ni picha kuchelewa. Kabla hujaamini hivyo, pima.

Usipime kwa goli. Kufuli huwekwa mara skauti anapobonyeza shambulizi la hatari, yaani kabla mpira haujapigwa langoni, kwa hiyo ukihesabu kutoka kufuli hadi goli kwenye runinga utapata namba kubwa kuliko ukweli. Usipime pia kwa saa ya mechi iliyo kwenye programu ya kubeti, kwani mara nyingi simu inaihesabu yenyewe na inaweza kupishana na ya uwanjani bila sababu ya maana.

Pima kwa tukio lenye ncha kali. Bora kabisa ni mwanzo wa kipindi cha pili. Weka macho kwenye programu ya kubeti. Maneno ya mapumziko yanapobadilika na saa kuanza 45:00, anzisha saa ya kusimamisha ya simu nyingine. Isimamishe mchezaji anapogusa mpira kwenye runinga yako. Halafu rudia kwa kona mbili tatu: kona inapoandikwa kwenye programu, hesabu hadi refa wa pembeni anaponyoosha kibendera kwenye picha. Namba zikikaribiana, tuseme saba, nane, saba, huo ndio ucheleweshaji wako na hautabadilika sana mechi nzima. Zikiruka kutoka nane hadi ishirini, nenda kwenye dalili inayofuata.

Wakazi wa Chang'ombe na Keko wana kipimo chao cha bure siku Simba na Yanga wanapocheza Benjamin Mkapa. Sauti inasafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Mtu aliye umbali huo anasikia uwanja ukilipuka kabla goli halijafika kwenye king'amuzi chake, japo sauti ni kitu cha polepole mno ukiilinganisha na mawimbi ya runinga. Redio ya FM inayotangaza ikiwa uwanjani nayo huitangulia runinga. Lakini redio ambayo mtangazaji wake amekaa studio akiangalia runinga haikusaidii kupima chochote.

Dalili: runinga ya jirani inashangilia kabla yako, na pengo linazidi kukua

Hapa mshukiwa wa kwanza ni matangazo ya mtandaoni. Picha ya mtandaoni haiji kama mto. Inakatwa vipande, kila kimoja ni faili, na simu inavipakua kimoja baada ya kingine kwa kufuata orodha inayosomeka hivi:

```
#EXTM3U
#EXT-X-VERSION:3
#EXT-X-TARGETDURATION:6
#EXT-X-MEDIA-SEQUENCE:4107
#EXTINF:6.000,
kipande4107.ts
#EXTINF:6.000,
kipande4108.ts
#EXTINF:6.000,
kipande4109.ts
```

Huo ndio mtindo wa `HLS`, ulioanzishwa na Apple na kuenea kila mahali. Mstari wa tatu unasema hakuna kipande kinachozidi sekunde 6, na hapa kila kimoja kina 6 kamili. Kipande hakiwezi kuingia kwenye orodha mpaka sekunde zake 6 zitimie, kwa hiyo tayari umechelewa 6. Halafu kanuni ya `HLS` inaitaka simu ianze kucheza ikiwa angalau vipande vitatu nyuma ya mwisho wa orodha, ili mtandao ukiyumba picha isikatike. Hizo ni 18, na zile 6 za mwanzo zimo humo kwa sehemu. Ongeza kubana picha na safari ya seva hadi seva, na sekunde 30 zinafika bila mtu yeyote kufanya kosa. Zamani vipande vilipokuwa vya sekunde 10, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ipo mitindo mipya inayokata vipande vidogo sana na kukaribia mwendo wa dishi, ila lazima mrushaji awe ameiweka upande wake. Huwezi kuiwasha kwenye simu.

Kwa hiyo kununua bando kubwa au kuhamia intaneti ya kasi hakuondoi hizo 30. Intaneti ya kasi inazuia zisiwe 60. Mtandao ukikwama sekunde tano, programu nyingi zinaendelea pale zilipoishia, na hizo tano zinabaki deni hadi mwisho wa mechi. Ukisimamisha picha kumjibu mtu, nalo ni deni. Dawa ni kubonyeza alama ya `LIVE` kama ipo, au kufunga programu kabisa na kuifungua upya, kisha kupima tena. Kushusha ubora wa picha kunasaidia kama tatizo ni kukwama. Kama picha haikwami, utapata picha mbaya iliyochelewa vilevile.

Ving'amuzi viwili vya kampuni moja navyo vinaweza kupishana. Cha antena mara nyingi hutegemea mnara ambao wenyewe unapokea kutoka setilaiti kisha unarusha upya, hivyo kina hatua moja zaidi ya dishi. Kwenye kibanda chenye skrini mbili za aina hizo utasikia shangwe mara mbili.

Dalili: kufuli limekuja, limeondoka, hakuna goli

Hii inawachanganya hata waliokwisha kuelewa habari ya picha kuchelewa. Wanaona kufuli, wanasubiri goli kwa sekunde kumi, halipo, wanasema kampuni inacheza na akili zao.

Kufuli halisemi kwamba goli limeingia. Linasema kwamba kwa sasa hakuna odi ambayo kampuni iko tayari kuisimamia. Winga akiingia boksi, skauti anabonyeza hatari na soko, yaani odi za jambo linalobetiwa, linafungwa. Mpira ukiokolewa, anabonyeza salama na soko linafunguka kwa odi karibu zilezile. Kwenye mechi ya mashambulizi hili hutokea mara nyingi sana, na kufuli la sekunde chache linalofunguka bila odi kusogea ni shambulizi lililokufa.

Kufuli refu ni habari nyingine. Likipita nusu dakika na ubao ukibaki vilevile, fikiria VAR. Soko linaweza kufungwa goli likiwa linakaguliwa, na kampuni haifungui mpaka refa aamue. Wakati mwingine goli linaandikwa kwenye programu kisha linafutwa. Aliye na picha ya mtandaoni huweza kuona kwenye programu goli likiandikwa na kufutwa, kabla hata hajaona shuti lenyewe.

Kuna pia kufuli la kukatika data: kifaa cha skauti kimepoteza mtandao, au kampuni imepoteza mawasiliano na mtoa data. Dalili yake ni kwamba masoko yote ya mechi hiyo yanafungwa kwa pamoja, pamoja na yale ya kona na kadi, na picha inaonyesha mchezo uliopoa. Hili unalisubiri tu.

Dalili: odi imeruka lakini ubao bado 0–0

Hapa ndipo penye faida ya kujua, kwa sababu ukubwa wa mruko unakuambia ni nini kimetokea uwanjani ambacho wewe hujakiona. Tuchukue mechi ya mfano. Ni dakika ya 70, ni 0–0, mwenyeji ana nguvu kidogo kuliko mgeni. Ukikadiria kwamba kwa muda uliobaki mwenyeji hufunga kwa wastani magoli 0.4 na mgeni 0.3, uwezekano wa mwenyeji kushinda ni kama asilimia 26. Kampuni ikishakata faida yake, odi itakuwa karibu 3.60.

Sasa angalia inavyoweza kusogea. Ikipanda taratibu, 3.60, 3.65, 3.70, hakuna kilichotokea. Ni dakika zinazokwisha bila goli, na kufika dakika ya 80 itakuwa imekaribia 5.20. Wengi huogopa mteremko au mpando huu wa polepole, wakidhani kuna siri. Ni saa tu.

Ikifungwa na kurudi kwenye 2.70 hivi, mgeni huenda amepata kadi nyekundu. Ikirudi kwenye 1.40, ni penati kwa mwenyeji. Hesabu yake ni rahisi: penati huingia takriban mara tatu na zaidi kidogo kati ya nne, ikiingia, mwenyeji ana asilimia 82 za kushinda, ikikosa anarudi kwenye 26, na wastani wa hizo unakupeleka karibu asilimia 69. Ikirudi kwenye 1.17, goli limeshaingia, hata kama kwenye skrini yako kipa wa mgeni ndio kwanza anapanga ukuta.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini kampuni hukimbilia kufuli. Dau la shilingi 10,000 kwenye odi ya 3.60, kama ni halali, lina thamani ya wastani wa 9,400 hivi. Dau lilelile likipokelewa sekunde moja baada ya goli linakuwa na thamani ya 29,500 hivi. Ndiyo maana kuna watu waliokuwa wakikaa viwanjani na kutuma matokeo kwa siri. Januari 2014, kwenye mashindano ya tenisi ya Australian Open mjini Melbourne, polisi walimkamata Mwingereza aliyekuwa akituma pointi akiwa jukwaani kwa kifaa kilichofichwa kwenye nguo. Miezi michache baadaye mashtaka yalifutwa.

Kitufe cha `Cash Out`, cha kuuza mkeka kabla mechi haijaisha, nacho kinakokotolewa kutoka odi hizohizo. Kikipauka na kukataa kubonyezeka, ni kufuli lilelile. Kiasi chake kikipanda ghafla huku picha yako imetulia, usikichukue kama zawadi: kampuni inakupa bei ya mechi iliyo mbele ya ile unayoitazama.

Dalili: umebonyeza, kiduara kinazunguka, mkeka unarudi umekataliwa

Wengi hudhani ni mtandao wao. Inaweza kuwa, lakini kwanza angalia kama kiduara kinazunguka kwa muda uleule kila mara. Kama ni sekunde tano au nane kila unapobeti laivu, na mkeka wa kabla ya mechi unapita papo hapo, basi huo ni usubirishaji wa makusudi. Kampuni inapokea ombi lako, inalishikilia sekunde kadhaa, kisha inatazama: je, katika muda huo soko limefungwa? Odi imesogea? Kama ndiyo, ombi linakataliwa au unaulizwa kama unakubali odi mpya.

Usubirishaji huu ndio unaomzima hata aliyekaa uwanjani. Yeye anaona goli kwenye sekunde ya sifuri, anabonyeza kwenye ya pili, ombi linashikiliwa hadi ya saba. Skauti alishafunga soko zamani. Mwenye dishi yuko sekunde saba nyuma kabla hata hajainua kidole. Mwenye picha ya mtandaoni anabeti juu ya kitu kilichokwisha kuwekewa bei nusu dakika iliyopita. Kwa hiyo ukiona kwenye picha shambulizi zuri na odi bado iko juu, elewa kwamba shambulizi hilo limeshaisha, na odi iko juu kwa sababu halikuzaa kitu. Mimi naona hili ndilo linalowala watu pesa kimyakimya kuliko kufuli lolote: wananunua tumaini ambalo muuzaji anajua limekwisha.

Kuna kisanduku cha kukubali mabadiliko ya odi bila kuulizwa. Ukikiwasha, kukataliwa kutapungua, ila unaweza kujikuta na 1.40 uliyoidhania 3.60. Kizime, au chagua kukubali odi zinazopanda tu kama programu inaruhusu.

Dalili: goli limeonekana kwenye runinga, odi haijasogea

Hii ni kinyume cha zote, na ni nadra kwenye ligi kubwa. Anza na simu yako. Programu za kubeti hushikilia uzi wa mawasiliano ulio wazi na seva. Ukikatika kimya, namba zinabaki zilezile kama picha ukutani. Toka kwenye mechi na uingie tena, au vuta ukurasa chini ujipakie upya. Zikibadilika mara moja, zilikuwa zimeganda.

Zisipobadilika, tazama ni mechi gani. Si kila mechi ina skauti jukwaani. Kwenye ligi ndogo na mechi za kirafiki, mkusanya data anaweza kuwa anaangalia picha ya mtandaoni kama wewe, na hapo data ndiyo inayochelewa. Kampuni zinalijua hilo: madau huwa yamebanwa, usubirishaji ni mrefu, na masoko ni machache.

Mkeka ukipita katika hali hiyo usiuhesabu bado. Masharti ya kampuni nyingi yanaziruhusu kufuta dau lililopokelewa baada ya tukio kutokea, na kurudisha pesa. Wanaolalamika hapa mara nyingi hukosa ushahidi, wakileta picha ya runinga isiyo na maana, kwani runinga si saa ya mechi. Kinachohitajika ni namba ya mkeka, muda uliopokelewa hadi sekunde kama ulivyoandikwa kwenye historia ya akaunti, na muda rasmi wa goli. Iombe kampuni kwa maandishi itaje muda wa goli kwa mujibu wa mtoa data wake na kifungu cha sharti ilichotumia. Kama muda wa mkeka unatangulia goli na bado umefutwa, hapo una hoja, na kwa Tanzania pa kuipeleka, baada ya kampuni yenyewe kushindwa kukujibu, ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.